Kanuni ya mpumuo na nazali isiyoonekana

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili hapa Mombasa. Katika tasnifu nimeandika kwamba Kimvita, lahaja ya Mombasa, hutia mpumuo, yaani pumzi ya ziada, kwenye p, t na k baada ya nazali, yaani sauti ya puani kama n au m. Mwenzangu anasema kanuni hiyo ni ya kubuni, maana katika data yangu nazali haionekani popote kabla ya sauti hizo. Ananishauri niifute na kuziita sauti hizo "za kipekee". Je, nifute? Na kanuni mbili zangu, hiyo ya mpumuo na ile ya kudondoka kwa nazali, zinalishana au zinanyimana?

JIBU: Usifute, ndugu yangu. Ushauri huo naukuta kila mwaka na unaniudhi, kwa sababu unaita "kipekee" jambo lenye utaratibu kamili.

Chukua -tamu. Mzee wa Kibokoni akisema "chungwa tamu", t yake ni kavu. Akisema "chai tamu", t hiyo inatoka na pumzi, tuiandike t'amu. Mzizi ni mmoja, na nafasi ni ileile: t mwanzoni mwa neno, baada ya irabu ya neno lililotangulia. Ukitazama umbo la nje peke yake, huna chochote cha kutofautisha hizi mbili. Tofauti ni ngeli. Chungwa ni la LI-YA, ambako kivumishi cha namna hii hakipati kiambishi cha sauti. Chai ni ya I-ZI, na kiambishi chake ni nazali.

Nazali hiyo si ya kubuni. Iko wazi katika "njia ndefu" na "nyumba mbaya", ambako sauti inayofuata ni ghuna, yaani hutetemesha nyuzi za sauti. Imebaki hata katika "nyumba mpya", kwa kuwa mzizi -pya ni wa silabi moja. Inadondoka tu mbele ya sauti isiyo ghuna katika mizizi mirefu. Basi umbo la ndani, yaani lile la kabla ya kanuni kufanya kazi, ni n-tamu. Mpumuo unaingia kwanza, tunapata nt'amu. Kisha nazali inadondoka, tunabaki na t'amu. Vivyo hivyo ukuta na k'uta, upande na p'ande.

Sasa uhusiano wa kanuni. Wengi huona kanuni moja inatangulia nyingine, wakaandika "inalisha". Hapana. Kulisha ni kanuni ya awali kuitengenezea ya pili mazingira ya kufanya kazi. Kunyima ni kuyaondoa mazingira hayo. Mpumuo haumtengenezei mdondoko chochote, kwani nazali ingedondoka hata bila ya mpumuo. Njia ya kujua ni kugeuza mpangilio. Nazali ikidondoka kwanza, t haina kitu cha kuipa pumzi, na unapata tamu kavu, ambayo si Kimvita. Mdondoko ungeunyima mpumuo nafasi kama ungetangulia, ila umechelewa. Uandike hivyo: ni kinyume cha kunyima. Paul Kiparsky, aliyeleta istilahi za kulisha na kunyima mwaka 1968, baadaye aliuita ufiche: kanuni imefanya kazi, lakini sababu yake imefutika.

Hapo ndipo maelezo ya umbo la nje pekee yanapokwama. Nadharia ya Upeo ya Prince na Smolensky (1993) katika umbo lake la kwanza hulinganisha maumbo kwa mashartizuizi, yaani masharti yanayoshindana kwa uzito, bila hatua za kati. Weka tamu na t'amu kama washindani wa n-tamu. Yote mawili yamepoteza nazali, na hakuna hata moja lenye nazali mbele ya t. Lakini t'amu imeongeza pumzi ambayo hakuna sharti la umbo la nje linaloidai. Panga masharti utakavyo, tamu kavu itashinda. Wapo wanaosema nazali na t zimeungana na pumzi ni mabaki ya nazali. Hoja hiyo ni nzito, itaje. Lakini nayo inahitaji nazali ya umbo la ndani, kwa hiyo haimsaidii mwenzako.

Kinachonikera zaidi ni asili ya makosa haya. Watu wanafanya fonolojia kwa tahajia! Maandishi sanifu hayaonyeshi mpumuo, kwa hiyo anayenakili data kutoka kamusi, au kutoka maelezo ya fotokopi yanayouzwa karibu na vyuo, amepoteza ushahidi wote kabla hajaanza kuchanganua. Kisha anatangaza kwamba kanuni haipo. Kimvita, Kiamu au Kipemba, usikubali uchanganuzi wa vipasuo, yaani sauti kama p, t na k, ambao mwandishi wake hakusikiliza wazungumzaji. Na chagua wazungumzaji waliolelewa katika lahaja, maana wengi waliojifunza Kiswahili shuleni hawatenganishi sauti hizi.

Rekodi "chungwa tamu" na "chai tamu", na paa la nyumba dhidi ya paa mnyama, kwa mzungumzaji yuleyule. Fungua rekodi katika Praat, programu ya kuchanganua sauti, upime muda kuanzia mpasuko hadi irabu inapoanza kutetema. Muda ukiwa mrefu katika maneno ya I-ZI na mfupi katika ya LI-YA, weka michoro hiyo kwenye sura ya data, kabla ya kanuni zenyewe.