Maswali ya wasomaji: kwikshifta na ABS ya kona

"Nataka kununua pikipiki ya mitumba. Muuzaji anasema ina kwikshifta, kwa hivyo klachi nitaisahau kabisa. Ni kweli?" (Msomaji, Nakuru)

Si kweli, ndugu. Klachi utaihitaji kila unapoondoka na kila unaposimama. Kwikshifta inakuondolea kazi ya klachi wakati pikipiki inakwenda tu.

Ndani ya giaboksi, gia hushikana kwa meno mafupi manene. Injini inapovuta, meno hayo yanabanana kwa nguvu na mguu wako hauwezi kuyaachanisha. Ukishika klachi, mbano unalegea na gia inatoka. Kwikshifta inaulegeza kwa njia nyingine: kuna sensa kwenye fimbo inayounganisha pedali ya gia na giaboksi, na inapohisi mguu umesukuma, kompyuta ya injini inakata moto au mafuta kwa muda mfupi sana, kama milisekunde 50 hadi 80. Meno yanaachana, gia inayofuata inaingia, moto unarudi. Mkono wako wa mafuta haujasogea.

Muulize muuzaji kama inashusha gia pia, au inapandisha tu. Yamaha R15 V4, kwa mfano, inapandisha tu. Kushusha ni kazi kubwa zaidi kwa sababu injini lazima iongeze mizunguko kabla gia ya chini haijaingia. Tuseme uko gia ya nne kwa mizunguko 5,000 na ya tatu ni nzito kwa robo: injini inatakiwa ifike 6,250 mara moja. Hilo linawezekana tu kama mkono wa mafuta ni wa umeme, yaani kompyuta inaweza kujifungulia mafuta yenyewe. Penye waya wa kawaida wa mafuta, usitegemee kitu hicho.

Faida yake utaiona ukipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, unapopita lori na nafasi ni fupi. Mafuta yanabaki wazi, gia zinapanda, na mikono yote miwili iko kwenye usukani.

"Kwikshifta yangu ni laini kwenye barabara kuu, lakini hapa mjini nikitoka ya kwanza kwenda ya pili inapiga teke. Imeharibika?" (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Huenda ni nzima. Ukipanda gia ukiwa na mizunguko ya chini na mafuta kidogo, injini haikuwa ikivuta kwa nguvu, kwa hivyo kukata moto hakulegezi chochote cha maana. Unachohisi ni injini kuzimwa na kuwashwa. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili pia ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye foleni tumia klachi.

Ila kama teke limeanza juzi tu, angalia mnyororo kwanza. Ukilegea, kila moto unaporudi unakazika ghafla. Kisha angalia mguu wako: ukiegemeza kiatu kwenye pedali, sensa inapokea mguso ambao si agizo. Na ukisikia gia zinakwaruzana au zinaruka kurudi nyuma hata unapotumia klachi, acha kuitumia na ufungue giaboksi kwa fundi, maana meno yakishaliwa kingo hayashikani tena.

"Nikishuka Nandi Hills kwenda Chemelil, nikishika breki ya mbele katikati ya kona pikipiki inainuka yenyewe na kutoka nje ya kona. ABS ninayo. Mbona hainisaidii?" (Msomaji, Muhoroni)

Kwa sababu ABS ya kawaida inatazama kitu kimoja tu: gurudumu limeanza kukwama au la. Haijui kama pikipiki imelala.

Pikipiki ikilala, tairi inagusa lami kwa ubavu wa ndani, si katikati. Breki ya mbele inavuta hapo pembeni, usukani unajigeuza kuelekea ndani ya kona, na kama kila mwendesha pikipiki ajuavyo mikononi, usukani ukigeukia ndani pikipiki inainuka. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kona ya kushoto inakutupa upande wa magari yanayokuja, na ya kulia inakutupa bondeni.

Tufanye hesabu. Kona ya nusu kipenyo mita 60, wewe uko kilomita 70 kwa saa. Kugeuka peke yake kunahitaji nguvu ya ubavuni sawa na asilimia 64 ya uzito, na pikipiki imelala takriban digrii 33. Lami kavu na tairi nzuri ikikupa asilimia 100, inabaki kama 77 ya breki. Sasa mvua ya alasiri imenyesha na mshiko umeshuka hadi 70. Kinachobaki si 6, maana nguvu hizi mbili zinavuta pande tofauti. Ni kama 28. Mkono ule ule uliokuwa salama jana leo unakuangusha, na ABS ya kawaida inastuka tairi ikiwa imeshaanza kuteleza kwenda pembeni.

ABS ya kona ina kitambuzi kinachopima mwinamo wa pikipiki muda wote. Ukibana lever ghafla ukiwa umelala, inazuia shinikizo la breki ya mbele lisipande haraka, na kwenye pikipiki nyingi inagawa sehemu ya kazi kwa breki ya nyuma. Mwendo ukishuka, hitaji la kugeuka linapungua, nayo inaruhusu breki zaidi: ukifika kilomita 50, kwenye mvua ile ile umebakiwa na karibu 62. Bosch waliileta sokoni mwaka 2013 na KTM 1190 Adventure, na leo ipo hata kwenye 390 Adventure.

Mpaka wake ni huu: kwenye kona hiyo, kwa mshiko wa 70, mwendo wa juu kabisa ni kama kilomita 73. Ukiingia na 75, tairi imeshindwa kabla hujagusa breki. Na matope yaliyodondoshwa na trekta za miwa haiyaoni mpaka gurudumu liyakanyage.

"Je, kwenye murram ABS inasaidia?" (Msomaji, Kakamega)

Kidogo sana. Kwenye changarawe huru, gurudumu lililokwama hukusanya kokoto mbele yake na zikasaidia kusimama. ABS inalizuia lisikwame, kwa hivyo unasimama mbali zaidi. Ndiyo maana pikipiki nyingi za safari zina hali ya njia mbovu inayozima ABS ya nyuma. Nyingi hurudi hali ya kawaida ukizima swichi, basi kagua kila unapowasha.

"Nina Boxer ya boda. Naweza kufungiwa kwikshifta?" (Msomaji, Mumias)

Pesa hizo nunua tairi ya mbele na breki mpya, kaka.

"Bajeti yangu inafikia pikipiki yenye kimoja tu kati ya hivyo viwili. Nichukue ipi?" (Msomaji, Kericho)

Kwa mtu wa Kericho, dada, sisiti hata kidogo: ABS ya kona. Kazi ya kwikshifta unaweza kuifanya kwa klachi. Kupunguza shinikizo la breki kulingana na mwinamo, ng'ombe akitokea ghafla kwenye lami yenye maji, hakuna mkono unaowahi kufanya hivyo.

Ukishainunua, tazama taa ya ABS. Itawaka ukiwasha swichi na kuzimika ukishaanza kutembea. Ikibaki, breki zinafanya kazi lakini bila ABS. Mara nyingi ni matope kwenye sensa ya gurudumu au pete yake iliyogongwa wakati wa kubadilisha tairi, kwa hivyo safisha na ukague hapo kwanza. Na usifunge tairi ya kipimo kingine, kwa sababu kompyuta inahesabu kwa kipimo cha kiwandani.