Kali Iende Katikati: Kwa Wachanga Mnaopanda Jukwaa la Rosti

Wadogo zangu, nimekaa nyuma ya ukumbi kwenye rosti kadhaa za karibuni, zile shoo ambazo wachekeshaji hupokezana jukwaani kumtania mgeni wa heshima mbele yake, na karibu kila mchanga anayepanda anarudia kosa lile lile: anafungua na kichekesho kinachouma kuliko vyote alivyonavyo. Najua kinachowasukuma. Umeandika kitu kikali, umekirudia chumbani mpaka kimekaa sawa, na unaogopa mwenzako asije akakigusa kabla yako. Basi unapanda na kukirusha hapo hapo, kisha dakika zote zilizobaki unazitumia kuwabembeleza watu wakurudie. Inaniuma kuwatazama, kwa sababu vichekesho vyenyewe mara nyingi ni vizuri. Kinachowaangusha ni mpangilio.

1. Nguvu na ukali si kitu kimoja

Kabla ya kupanga chochote, andika kila kichekesho kwenye kadi yake na uipe kila kadi alama mbili. Ya kwanza ni ya kicheko: watu watacheka kwa sauti kiasi gani? Ya pili ni ya maumivu: kitamgusa mgeni wa heshima wapi, na kwa kina gani? Wengi wenu mnatoa alama moja tu, ndiyo maana mkiambiwa "fungua kwa nguvu" mnaelewa "fungua kwa kuumiza". Kadi ya kufungulia iwe na alama ya juu kwenye kicheko na ya chini kwenye maumivu. Iwe fupi, na iguse jambo ambalo ukumbi mzima unalijua kabla hujafungua mdomo.

Sababu yake ni kwamba unapopanda, watu hawajui wewe ni nani kwa mgeni wa heshima. Klabu ya Friars ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1904 na ambayo rosti zake ndizo zilizoupa mchezo huu umbo tunalolifuata mpaka leo, ilikuwa na msemo wake: tunawachoma wale tu tunaowapenda. Mtazamaji anataka kuona upande huo wa upendo kabla hajakubali kucheka jambo zito. Kicheko cha kwanza ndicho kinachomwonyesha kwamba wewe ni mtu wa ndani na unajua unachokifanya.

2. Kali inahitaji msingi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mnapopotea.

Kijana mmoja, fundi hasa wa kuandika, alipewa dakika tano kwenye rosti ya mkongwe mmoja ambaye wengi wetu tulianzia mikononi mwake. Rosti ilikuwa ya siku mbili: usiku wa kwanza watazamaji wa kawaida, usiku wa pili wa kurekodiwa. Mzee huyo ana sifa mbili ambazo kila mtu anazijua. Huchelewa, na akishika maiki haachii hata taa nyekundu ya kumwambia muda umekwisha ikiwaka. Pia aliachana na mkewe, na kwa miaka mingi amekuwa akilisimulia hilo mwenyewe jukwaani, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Angekuwa hajawahi kulitaja hadharani, ningemwambia kijana asiliguse kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Usiku wa kwanza kijana alifungua hivi: "Ndoa ya mzee ilidumu miaka tisa. Mkewe aliwasha taa nyekundu mwaka wa pili."

Kichekesho kizuri mno. Kilikufa. Niliona vichwa vya meza za mbele vikigeuka vyote kumtazama mzee, aliyekuwa na glasi ya maji mdomoni. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kichekesho kilichowahi mno: watu wanamtazama anayechomwa kuomba ruhusa kabla ya kucheka. Mzee alicheka, lakini alilazimika kumeza maji kwanza, na kufikia hapo ukumbi ulikuwa umeshapoa. Kijana akaogopa, akaharakisha. Alipofika kwenye kichekesho cha mzee kutotii taa, mtu wa meza ya jirani yangu akamwambia mwenzake, "Aaa, kumbe ndiyo ile taa." Yaani panchi, lile neno la mwisho linaloleta kicheko, ilieleweka dakika mbili baadaye. Watazamaji wa kawaida hawajui taa ya jukwaani ni nini mpaka waambiwe. Akamalizia na utani wa upara, akasema "ila tunakupenda, mzee", akashuka.

Kesho yake mchana tulitandaza kadi zake mezani. Hatukubadilisha vichekesho vyake, tulivihamisha tu, na vikaongezeka vipande viwili vidogo nitakavyovitaja. Mpangilio wa usiku wa pili ulikuwa hivi.

Alifungua na kuchelewa: "Mzee leo kafika saa mbili kamili. Hongera kwa aliyemwambia tunaanza saa nane." Sentensi mbili, na neno linalovunja watu liko mwisho kabisa. Ukumbi ukacheka bila kumtazama mtu yeyote. Kisha akawagusa wachomaji wenzake wawili waliokaa jukwaani, mstari mmoja mmoja, ili ionekane kwamba hakuja kwa ajili ya mzee peke yake. Baada ya hapo akaweka msingi: "Mzee hajawahi kutii taa. Ukimuwashia nyekundu, anakushukuru kwa kumwongezea mwanga." Kicheko cha kutosha, maumivu kidogo, na sasa ukumbi mzima unajua taa nyekundu ni kitu gani. Akaendelea na kipindi cha mzee cha televisheni kilichofutwa mapema, ambacho kinauma zaidi kidogo.

Dakika ya tatu ilipoingia, akaleta ndoa. Maneno yale yale, hakubadilisha herufi. Safari hii kicheko kililipuka kwenye "nyekundu", kabla hajafika kwenye "mwaka wa pili", na kikapanda tena alipofika. Mzee alishakisikia jana yake, kwa hiyo yeye si kipimo cha haki. Watazamaji walikuwa wapya, na ndio walionithibitishia. Hakuna kichwa kilichogeuka.

Angalieni kilichotokea. Kichekesho kikali kuliko vyote hakikuja na habari mpya hata moja: ndoa watu walikuwa wakiijua, taa walishaonyeshwa. Kazi yake ilikuwa kuvikutanisha viwili hivyo. Ndiyo maana napendekeza kadi kali ikae katikati, kwenye dakika ya tatu ya seti ya dakika tano. Mbele yake kuna nafasi ya kujenga, nyuma yake kuna nafasi ya kumrudisha mtu chini taratibu. Ukiiweka mwisho kabisa, unashuka jukwaani ukiwaachia watu jeraha, na anayepanda baada yako anaanza kwa kulisafisha.

3. Kinachofuata baada ya kali kiandikwe mapema

Kipande cha kwanza tulichoongeza kilikuwa sentensi moja ya kuteremshia pumzi. Mara tu kicheko cha ndoa kilipoanza kushuka, kijana alisema, "Mnanitazama nini? Mimi hata wa kuniwashia taa sijampata." Akajichoma mwenyewe kwa moto ule ule. Sentensi kama hiyo usiitegemee ije yenyewe ukiwa jukwaani. Iandike, na uwe nayo tayari hata kama kali itaenda vizuri.

Ikienda vibaya, utaijua kwa sauti. "Oooh" inayoishia kwenye kicheko ni salama. "Oooh" inayoishia kwenye kimya ina maana umepita mpaka, na hapo usieleze kichekesho wala usikirudie kwa sauti kubwa zaidi. Mwezi Septemba 2001, kwenye rosti ya Hugh Hefner, mwanzilishi wa jarida la Playboy, iliyoandaliwa na Friars hao hao, chini ya wiki tatu baada ya mashambulio ya New York, mchekeshaji Gilbert Gottfried alitania kwamba ndege yake lazima isimame kwanza kwenye jengo la Empire State. Ukumbi ulimzomea, na mtu mmoja akapaza sauti kwamba ni mapema mno. Hakujitetea. Aliiacha mada ile kabisa, akaingia kwenye kichekesho kirefu kichafu cha zamani ambacho wachekeshaji walikuwa wakisimuliana wenyewe kwa wenyewe, na akaurudisha ukumbi. Alikuwa na kitu kingine mkononi, cha upande tofauti kabisa. Nanyi muwe nacho, japo kiwe kifupi.

4. Upendo nao unahitaji ushahidi

"Ila tunakupenda, mzee" haimfikii mtu. Kila anayepanda anaisema, na mgeni wa heshima huitikia kwa kichwa tu. Kufunga kwa upendo kunataka tendo moja mahususi alilolitenda, ulilolishuhudia wewe, na lisemwe bila mapambo. Ukikosa tendo la kweli, usitunge; uliza watu wake wa karibu mpaka ulipate.

Kijana huyu alikuwa nalo na hakuwa amelitumia. Hicho ndicho kipande cha pili. Alifunga hivi: "Usiku wangu wa kwanza nilipanda wa mwisho, watu wameshaondoka. Mzee alihamia kiti cha mbele. Taa ilipowaka nikamtazama, akanipungia mkono: endelea." Akanyamaza. Ukumbi ukanyamaza naye, na mzee akainamisha uso. Kisha kijana akamalizia, "Ndiyo maana na mimi leo nimepitiliza." Kicheko kikachanganyika na makofi, akaenda kumkumbatia.

Upendo ule haukuwa umebandikwa mwishoni. Taa ile ile iliyomchoma mzee dakika zote ndiyo iliyogeuka kuwa wema wake, na baada ya kimya kukawa na kicheko kidogo cha kuwatoa watu. Nusu dakika mpaka dakika moja inatosha. Ukizidisha inakuwa hotuba ya kuagana. Na ukishamaliza, weka maiki chini. Usiongeze kichekesho cha akiba, hata kama unakipenda vipi.

5. Mambo mafupi mafupi

Ukiwa wa tano au wa sita kupanda, jua kwamba kuchelewa na upara vimeshaguswa na walio mbele yako, kwa hiyo uwe na kadi mbili za kufungulia na usikilize kila anayekutangulia ili ujue ipi bado ni mpya.

Jaribu seti nzima mbele ya mtu mmoja anayemfahamu mgeni na mwingine asiyemfahamu. Yule wa pili ndiye atakayekuonyesha msingi uliokosekana.

Na emsii akikujia nyuma ya pazia kukwambia umepunguziwa dakika mbili, kitu kitakachotokea kila mara ratiba ikirefuka, usikate kuanzia mwisho kwenda juu kama ninavyowaona mkifanya, maana hapo unafuta upendo na kubaki na ukali peke yake. Anza kutoa utani wa wenzako. Kisha toa vile vya katikati visivyobeba kingine, kama hicho cha kipindi cha televisheni. Kadi ya taa usiiguse hata kama ndiyo yenye kicheko kidogo kuliko zote. Ukiitoa, itakubidi uiondoe ndoa pia, na mwisho wako hautakuwa na pa kusimama.