Fomu ya Kijerumani niliyojaza nikidhani naielewa

Slipu yangu ya kwanza ya mshahara Ujerumani ilikuwa na kato ambalo sikulijua: "Kirchensteuer". Nikamwonyesha dada mmoja Mkenya tuliyekuwa zamu moja wodini. Akaisoma, akacheka. "Mdogo wangu, hiyo ni kodi ya kanisa. Si uliandika mwenyewe siku unajiandikisha anwani?"

Kweli niliandika. Nilipofika kwenye kisanduku cha dini nikaandika "evangelisch", maana mimi ni Mlutheri wa Moshi tangu kubatizwa, na nikaona hilo ndilo swali rahisi kuliko yote kwenye karatasi ile.

Fomu yenyewe ni ya kujiandikisha makazi, wenyewe huita "Anmeldung". Ukishahamia nyumba una wiki 2 za kwenda kujiandikisha, na ukipuuza, faini inaweza kufika euro 1,000. Kila mji una karatasi yake, lakini maswali karibu ni yaleyale kwa sababu sheria ni moja ya nchi nzima. Nilikuwa na cheti cha Kijerumani cha daraja la B1 na kamusi, nikajiona nimekamilika. Kumbe kamusi inakupa maana ya neno tu, haikwambii ofisi inataka kujua nini.

Sasa hivi nikimsaidia mgeni, tunachapisha fomu mbili. Moja ni ya kupeleka, nyingine ni ya kuchafua. Ile ya kuchafua tunaandika kwa penseli, kando ya kila swali, maelezo ya Kiswahili: wanauliza nini, na jibu litatumika wapi. Swali ambalo hatuwezi kulieleza kwa sentensi moja ya Kiswahili hatulijazi. Tunaenda nalo dirishani kumuuliza karani.

Maneno marefu yasikutishe. Yasome kuanzia mkiani, utaona yanafuata mpangilio wetu kabisa. "Geburtsort": mkia ni "Ort", mahali, mbele ni "Geburt", kuzaliwa. Mahali pa kuzaliwa. "Einzugsdatum" ni tarehe ya kuhamia, yaani siku uliyoingiza mabegi ndani, si siku uliyosaini mkataba, na zile wiki 2 zinahesabiwa kuanzia hapo. Lile linalotisha kuliko yote, "Wohnungsgeberbestätigung", halimo kwenye kamusi nyingi, lakini likate: uthibitisho, wa mtoaji, wa makazi. Ni karatasi anayosaini aliyekupa nyumba. Wengi hupeleka mkataba wa kupanga badala yake na hurudishwa. Na kama umepanga chumba kwa mtu ambaye naye ni mpangaji, anayesaini ni huyo aliyekupa chumba.

Turudi kwenye dini, maana hapo ndipo kujua maana ya neno hakutoshi. Kwetu mtu akikuuliza dini anataka kujua wewe ni nani, pengine akupikie nini. Fomu ile inauliza kitu kingine: je, wewe kisheria ni mwanachama wa kanisa au jumuiya ambayo serikali inaikusanyia kodi? Jibu linakwenda idara ya kodi, na kutoka huko linafika kwa mwajiri wako. Kodi ya kanisa ni asilimia 8 ukiwa Bavaria au Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwenye majimbo mengine. Asilimia hiyo haikatwi kwenye mshahara wote, inakatwa kwenye kodi ya mapato. Tuseme kodi yako ya mapato ya mwezi ni euro 300. Ukiwa Bavaria kanisa linapata euro 24 juu yake. Ukiwa Berlin, euro 27. Kwa mwaka hiyo 24 ni euro 288, nauli ya treni nyingi tu.

Sikuambii udanganye. Aliyebatizwa Mkatoliki, Kanisa la huko linamhesabu kuwa wake hata kama ubatizo ulifanyika Songea. Mlutheri anayejitambulisha "evangelisch" pale ofisini anaingia kwenye kanisa la jimbo analohamia. Anayetaka kutoka haendi kwa mchungaji, anakwenda ofisi ya serikali kutangaza kujitoa: kwenye baadhi ya majimbo ni ofisi ya vizazi na ndoa, kwingine ni mahakama. Kilichokwisha kukatwa kihalali kabla ya hapo hakirudi kwa sababu tu umejitoa. Mimi nimebaki, nalipa, naimba kwaya. Kinachoniuma ni kwamba niliingia bila kujua nimeingia.

Kwa Waislamu kisanduku hichohicho kina mtego wa aina yake. Kijana mmoja wa Tanga nilikaa naye fomu ikiwa mezani, akafika kwenye neno "keine", yaani hakuna, akaweka kalamu chini. "Dada, niandike sina dini? Mama akisikia?" Ilinibidi nimwandikie kando kwa penseli: "Hapa wanauliza kama kuna kodi ya kanisa ya kukukata." Akasoma mara mbili, ndipo akajaza. Hakukana imani yake. Alijibu swali la kodi.

Hali ya ndoa nayo, "Familienstand", watu huifanyia mchezo. Mwenye mke Mwanza anaweka alama kwenye "ledig", hajaoa, kwa hoja kwamba mke hayupo huku na maswali yatakuwa machache. Ni kweli yatakuwa machache, kwa siku hiyo. Akija kuomba mke amfuate, anapeleka cheti cha ndoa cha miaka mitano nyuma kwenye serikali ambayo kumbukumbu zake zinasema hajawahi kuoa. Swali ni kama una ndoa, popote mwenzako alipo. Hata mkiwa mmetengana bila talaka, bado ni "verheiratet", yaani mwenye ndoa.

Majina andika kama pasi inavyosema, herufi kwa herufi, hata kama nyumbani unaitwa vingine. "Geburtsname" ni jina la ukoo ulilozaliwa nalo, linawahusu zaidi waliobadili jina walipoolewa. Na angalia mwandiko wako wa tarakimu: 1 ya Kijerumani ina mkia mrefu wa kupanda kiasi kwamba kwetu ungesema ni 7, na 7 yao ina kimstari katikati. Mimi 7 nazikata kimstari siku hizi.

Karani ataingiza majibu kwenye kompyuta yake, kisha atakupa karatasi usaini. Hapo ndipo wengi wetu tunaona aibu kumchelewesha mtu mzima na foleni nyuma yetu. Mimi nilisaini bila kusoma, na "rr" ya jina langu la ukoo ikawa "r" moja. Toa ile fomu yako iliyochafuliwa kwa penseli, ulinganishe mstari kwa mstari. Jina, tarehe ya kuzaliwa, ndoa, dini. Dakika mbili. Karani hakasiriki, akikasirika, itapita. Mimi kusahihisha "r" moja kulinirudisha kwenye ile foleni mara mbili.

Ukitoka hapo, kabla ya kupika, bandika jina lako kwenye sanduku la barua la mlangoni. Namba yako ya kodi, yenye tarakimu 11, inakuja kwa posta, na mtu wa posta asipoona jina anaweza kuirudisha ilikotoka.