Klipu sita, zote zinaitwa C0001

Juzi kijana mmoja wa Ujiji aliniandikia: "Kaka, nikifungua projekti klipu zote zinaniletea Media Offline." Alikuwa amebadilisha majina ya faili kwenye diski ili yapendeze, na Premiere, programu anayoeditia video, haikuzipata tena. Roho iliniuma, maana jeraha la majina ninalo.

Nilikuwa naediti filamu ya wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, kadi sita. Kamera yangu huanza kuhesabu upya kadi ikifomatiwa, kwa hiyo kila kadi ilikuwa na C0001.MP4 yake, na zote nilizimwaga kwenye bini moja, yaani folda ya ndani ya Premiere, bila kuzipa majina. Nilipohamishia kazi kwenye diski nyingine, Premiere ikauliza faili ziko wapi. Nikaielekeza kwenye folda za kadi kwa kukisia. Pale mama wa Katonga alipokuwa akieleza anavyoanika dagaa, ikakaa mitumbwi ya Kibirizi usiku. Dalili ilikuwepo: baadhi ya klipu zilikuwa na mistari ya mshazari mwishoni, maana faili iliyoingia ilikuwa fupi kuliko ya mwanzo. Sikujali. Mteja aliyaona hayo mbele ya wageni wake, na hakunipa kazi tena. Bado linaniuma.

Siku hizi kila kadi ina folda yake kwenye diski, mfano S2_K1, yaani siku ya pili, kadi ya kwanza. Faili za ndani sizigusi kabisa. Jina nalibadilisha ndani ya Premiere, kwenye bini, kwa sababu huko halifiki kwenye faili yenyewe: S2_K1_Katonga_kuanika_C0014. Namba ya kamera inabaki mwishoni. Nikiulizwa tena faili iko wapi, jina lenyewe linanitajia folda na namba. Bini nazo nazipanga hivyo hivyo, kwa siku kisha kadi. Fanya hivi usiku uleule wa kurekodi, ndugu yangu, ukiwa bado unakumbuka nani alikuwa wapi.

Kwenye mahojiano marefu ndipo alama, yaani markers, zinapookoa. Ifungue klipu kwenye Source Monitor, sikiliza, bonyeza M mtu akigusa jambo. Bonyeza M tena, dirisha linafunguka, andika maneno mawili matatu: "mvua ikinyesha", "bei ya jumla". Alama hiyo imeshikamana na klipu, itaifuata popote utakapoikata. Ukiweka M kwenye taimlaini bila kuchagua klipu, alama inakaa kwenye sikwensi. Ukichomeka kipande kabla yake, picha zinasogea, yenyewe inaweza kubaki palepale, mpaka uwashe Ripple Sequence Markers kwenye menyu ya Markers. Kwa hiyo maneno ya watu yawekee alama kwenye klipu. Za taimlaini ziache kwa marekebisho ya mteja.

Wiki iliyopita mteja mwingine alipiga simu akitaka sehemu ya mama mmoja kuhusu mvua irudi. Mahojiano yalikuwa dakika 38. Niliandika "mvua" kwenye paneli ya Markers, na kabla hajakata simu nilikuwa namsikilizisha.