Kumsimamia Mkunga Aliyekutangulia Kazini

Nilipokabidhiwa uongozi wa wodi ya wazazi nilikuwa na miaka 29, na kati ya wakunga 14 niliopaswa kuwasimamia alikuwamo mama mmoja aliyeanza kuzalisha nikiwa bado mtoto mdogo. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha muda mfupi baadaye nikalazimika kuikagua kazi yake.

Kosa langu nililifanya wakati wa makabidhiano ya zamu. Katika patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa. Katika chati yake yalikuwa 140 tangu mwanzo hadi mwisho, kwa wino mmoja na mwandiko usiobadilika, dalili ya chati iliyojazwa kwa mara moja baada ya mtoto kuzaliwa. Nikalisema hilo mbele ya wote, wanafunzi wakiwamo. Hakunijibu. Kwa wiki tatu alitimiza kila nilichomwagiza wala hakuongeza neno, nami nikakosa kile nilichokihitaji zaidi kwake, yaani kuambiwa mapema kwamba mzazi fulani hali yake hairidhishi, hata kabla ya vipimo kuonyesha.

Mwishowe nilimfuata peke yake, zamu ilipokwisha, katika chumba cha kuhifadhia mashuka. Nilimwomba radhi kwa kumsema hadharani, lakini sikuomba radhi kwa nilichokisema, kwa kuwa ningefanya hivyo ningekuwa nimeifuta kanuni yenyewe. Kisha nikamwuliza ni nini kinachomzuia kuandika papo hapo. Alikaa kimya kidogo, akanijibu: "Mwanangu, usiku visanduku vile sivioni." Macho yalikuwa yameanza kumpungukia, naye aliona haya kumweleza hivyo msimamizi wa rika la wanawe.

Tuliihamishia meza ya kuandikia chini ya taa, akaenda kupimwa akapewa miwani ya kusomea, na katika ratiba ya zamu za usiku nikampanga na mkunga kijana wa kumkumbusha saa. Jambo moja sikulilegeza: aliyepima ndiye anayeandika na kutia saini, kwa hiyo kijana hakuruhusiwa kumwandikia.

Si kila mkongwe ana sababu iliyofichika. Mwingine aliendelea kuchelewa hata baada ya kuzungumza naye faragha mara mbili, na huyo nilimwandikia barua, nakala nikaipeleka kwa muuguzi mkuu, huku nikiendelea kumwamkia kama kawaida. Kijana anayepunguza salamu ili aonekane bosi hupoteza watu bure, na anayeacha kuandika barua kwa kuogopa umri wa mtu huwaumiza wale wanaowahi.

Miezi miwili baadaye, saa nane usiku, yule mama alinipigia simu. Mapigo ya mtoto yalikuwa yameshuka hadi 100, alikuwa ameshayaandika, na daktari alikuwa njiani.