Kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google kikikaa kimya, anza kwa kuangalia dirisha

Kwenye steshenari yetu hapa Chikongola, Mtwara mjini, wateja wengi wanaokuja kwa shida za mtandao hawajasahau nenosiri. Wanabofya `Sign in with Google` au kile kitufe cha Facebook, na hakuna kinachotokea. Hakuna ujumbe wa kosa wala ukurasa mpya. Mtu akibofya mara kadhaa bila jibu huanza kuilaumu akaunti yake, na hapo ndipo anapojiharibia: anabadilisha nenosiri ambalo lilikuwa sawa, au anafungua akaunti nyingine kwenye tovuti ileile na kuiacha kazi yake yote kwenye akaunti ya kwanza.

Ukibofya kitufe kile, tovuti unayotaka kuingia haikuulizi nenosiri lako la Google. Inafanya kama ofisi inayokuambia ulete barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa: yenyewe haikufahamu, inasubiri anayekufahamu athibitishe. Uthibitisho huo una njia mbili za kupita. Ya kwanza ni dirisha dogo linalofunguka juu ya ukurasa, ambamo Google au Facebook wanakuuliza wewe ni nani. Ya pili ni kuki, yaani alama ndogo ambazo Google wameziacha kwenye kivinjari chako ili wakutambue. Ukiwa kwenye tovuti nyingine, kuki za Google zinahesabiwa kuwa ni za mgeni, na kivinjari kinaweza kukataa kuzitoa. Dirisha likizuiwa, au kuki za mgeni zikizuiwa, kitufe kinaweza kubaki kimya.

Vivinjari havifanyi hivyo kwa ubaya. Madirisha ya ghafla yamewaletea watu matangazo ya ulaghai kwa miaka mingi, na kuki za wageni hutumika kukufuatilia kutoka tovuti moja hadi nyingine. Safari, kivinjari cha iPhone, ilianza kuzuia kuki zote za wageni mwaka 2020, na Firefox tangu 2022 huitengea kila tovuti chungu chake cha kuki. Chrome ya kawaida bado inaziruhusu, lakini ukifungua dirisha la `Incognito`, inazizuia bila kukuuliza. Hili la `Incognito` nalitaja kwa makusudi, kwa sababu sisi wenye steshenari ndilo tunalowafungulia wateja ili akaunti zao zisibaki kwenye kompyuta ya watu wote. Tunafanya vizuri kuwalinda, ila kitufe kinaweza kufia hapohapo.

Hivi karibuni alikuja mwalimu mmoja kutoka Nanyamba. Alikuwa amemaliza kozi mtandaoni na alitaka kupakua cheti chake akiambatishe kwenye maombi. Kwenye simu alikuwa amekwama. Kiungo alikikuta kwenye kundi la Facebook, akakibofya, na ukurasa ukafunguka ndani ya Facebook kwenyewe, si kwenye Chrome. Vivinjari hivyo vya ndani ya programu mara nyingi havina uwezo wa kufungua dirisha la pili, na Google wenyewe hukataa watu kuingia kupitia humo. Wakati mwingine utaona kosa lenye neno `disallowed_useragent`, wakati mwingine huoni kitu. Dawa yake ni nyepesi: bofya nukta tatu juu ya ukurasa, chagua kufungua kwenye kivinjari cha nje, kisha endelea ukiwa kwenye Chrome. Yeye simu ilikuwa inaisha chaji, kwa hiyo tukahamia kwenye kompyuta.

Nikamfungulia `Incognito`. Akabofya kitufe, kimya. Akaniambia, "Kaka, basi nenosiri litakuwa limekataa."

"Hapana, Mwalimu," nikamjibu. "Nenosiri bado hujaulizwa."

Huu ndio utambuzi ninaotaka kila mtu aushike kabla ya kugusa mpangilio wowote. Kama nenosiri lina kasoro, dirisha la Google litafunguka na litakuambia wazi kwamba umekosea. Kama hakuna dirisha lililofunguka, akaunti yako haijaguswa, na mara nyingi tatizo liko kwenye kivinjari. Kama dirisha limefunguka, ukachagua akaunti, likajifunga, halafu ukurasa ukabaki vilevile kana kwamba hujaingia, mshukiwa wa kwanza ni kuki.

Kwa yule mwalimu dirisha halikufunguka kabisa, wala Chrome haikuonyesha alama ya kuzuia dirisha. Nikabonyeza F12, nikaingia kwenye `Console`, pale kivinjari kinapoandika makosa ya ukurasa, nikapakia ukurasa upya, nikakuta haya:

```
idpiframe_initialization_failed
Cookies are not enabled in current environment.
```

Tovuti ile ilikuwa inatumia mtambo wa zamani wa Google, unaojaribu kusoma kuki mapema, ukurasa unapofunguka. Ukizuiwa, unashindwa kuanza, na kitufe kinabaki picha tu. Google waliacha kuusimamia mtambo huo mwaka 2023, na tovuti zilizohamia kwenye mtambo mpya mara nyingi hazipati shida hii. Ndiyo maana unaweza kuingia kwa Google kwenye tovuti moja vizuri, ukaenda ya pili ukakwama, kwa simu ileile na akaunti ileile.

Tukaruhusu kuki za wageni kwa tovuti ile moja. Kwenye Chrome bofya alama iliyo kushoto kwa anwani ya ukurasa, ingia sehemu ya kuki, kisha washa `Third-party cookies`. Wakati mwingine alama ya jicho hujitokeza kulia kwa anwani, nayo inakupeleka palepale. Simu ya Android ina njia hiyohiyo: gusa alama iliyo kando ya anwani. Ruhusa hiyo inahusu tovuti uliyomo tu, na kwenye `Incognito` inafutika ukifunga madirisha yote ya aina hiyo, kwa hiyo mteja anayefuata hairithi. Usiende kwenye mipangilio mikuu ukaruhusu kuki za wageni kwa dunia nzima kwa sababu ya cheti kimoja.

Ukurasa ukajipakia upya. Mwalimu akabofya. Bado hakuna dirisha, lakini safari hii kulia kwa anwani palitokea kialama chenye msalaba mwekundu: Chrome imezuia dirisha. Hapa wengi hukata tamaa wakidhani hatua ya kwanza haikusaidia. Ilisaidia. Kizuizi cha kwanza kimeondoka, sasa tumefika cha pili.

Kwa nini dirisha lizuiwe wakati mwenye kompyuta amebofya mwenyewe? Kivinjari kinaruhusu tovuti kufungua dirisha ikiwa tu ni jibu la kubofya kwako, na ruhusa hiyo ina muda. Kwenye Chrome ni kama sekunde 5. Baadhi ya tovuti, ukishabofya, kwanza huwasiliana na seva yao, ndipo zinafungua dirisha. Penye mtandao wa kasi hutaona tofauti. Lakini mchana ule intaneti yetu ilikuwa inasuasua, jibu likachelewa, muda ukapita, na dirisha lilipotaka kufunguka Chrome ikalihesabu kuwa limejileta lenyewe. Kwa sisi wa Mtwara na Lindi sababu hii ni ya kuipa uzito, hasa wewe uliye Liwale au Tandahimba unayetumia bando la simu pale mnara unapozidiwa. Acha ukurasa umalize kupakia kabisa kabla hujabofya. Ukikuta asubuhi na mapema kitufe kinafanya kazi na jioni kinagoma, umeshajua kinachosumbua.

Tukabofya kialama kile, tukachagua kuruhusu daima madirisha ya tovuti ile, tukabofya `Done`. Kisha, na hili watu hulisahau, tukabofya tena kitufe cha kuingia. Ruhusa inafanya kazi kwa mbofyo unaofuata. Ule uliozuiwa umeshakwisha. Kwenye simu, Chrome hutoa ujumbe mfupi kwamba dirisha limezuiwa, na ujumbe huo hupotea upesi. Ukikupita, fungua nukta tatu, `Settings`, `Site settings`, kisha `Pop-ups and redirects`, uiruhusu tovuti hiyo. Wenye iPhone wataikuta `Block Pop-ups` kwenye mipangilio ya Safari, pamoja na `Prevent Cross-Site Tracking` inayohusu kuki. Hizo mbili zinagusa tovuti zote, hivyo ukizizima kwa ajili ya kuingia mahali, zirudishe ukishamaliza.

Dirisha lilipofunguka nilimwomba mwalimu asiandike chochote hadi asome anwani iliyo juu yake. Ilikuwa `accounts.google.com`. Kwa Facebook iwe `www.facebook.com` au, kwenye simu, `m.facebook.com`. Kuruhusu dirisha maana yake umeipa tovuti nafasi ya kukuonyesha chochote, na mlaghai anaweza kuchora ukurasa unaofanana kabisa na wa Google. Anwani ikiwa tofauti hata kwa herufi moja, funga. Yake ilikuwa sawa, akaingia, akathibitisha kwenye simu yake iliyokuwa imeshapata chaji, na cheti kikashuka.

Wanaotumia Opera Mini yenye kubana data kwa kiwango cha juu kabisa wajue kwamba hapo kurasa huandaliwa kwanza kwenye seva za Opera, na vitufe vya aina hii mara nyingi havifanyi kazi hata ukiruhusu kila kitu. Badili kivinjari kwa kazi hiyo moja. Na kama kitufe cha Google kinafanya kazi ila cha Facebook ndicho kilichokufa au hakionekani kabisa, angalia kama una kizuia matangazo, kwa sababu vingi huzuia mtambo wa Facebook popote vinapoukuta. Kizime kwa tovuti hiyo tu, upakie ukurasa upya.

Kuna mara umeruhusu vyote, umebadili kivinjari, na kitufe bado hakijibu. Hapo kasoro ni ya tovuti yenyewe. Kama ukurasa una sehemu ya `Forgot password`, jaribu kuweka barua pepe ileile ya Google uliyojiandikishia. Baadhi ya tovuti zitakutumia kiungo cha kutengeneza nenosiri, na utaingia kwenye akaunti yako yenye kozi zako bila kupitia kitufe. Usijiandikishe upya. Ikishindikana, waandikie wenye tovuti, utaje jina la kivinjari na toleo lake, na uwanakilie maneno mekundu uliyoyakuta kwenye `Console` kama yalivyo. Ukiandika tu kwamba "haifungui", watakujibu ufute kuki na ujaribu tena. Ukiwapelekea `idpiframe_initialization_failed` au `popup_blocked_by_browser`, fundi wao ataona moja kwa moja pa kuanzia.