Dhamana ya serikali isiyoonekana, na mihutasari ya bodi

"Ndugu, nakagua shirika la umma kwa mara ya kwanza. Menejimenti inasema mkopo wa benki una dhamana ya serikali, hivyo nisihangaike kama shirika litaendelea. Nithibitishe vipi, na mihutasari ya bodi niisome kwa jicho gani?"

Ndugu, anza na dhamana yenyewe, kwa kuwa hapa Uganda haitolewi kwa neno la mtu. Ibara ya 159 ya Katiba hairuhusu serikali kukopa wala kudhamini ila kwa mamlaka ya sheria ya Bunge, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inampa Waziri wa Fedha uwezo wa kudhamini mkopo kwa idhini ya Bunge. Kwa hiyo omba mkataba wa dhamana uliosainiwa, azimio la Bunge na ushauri wa kisheria wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha wewe mwenyewe uiandikie Wizara ya Fedha, jibu likufikie moja kwa moja bila kupitia mikononi mwa mhasibu wa shirika. Mara nyingi utakacholetewa ni barua ya faraja, yaani barua ya wizara inayosema kwamba serikali "inaunga mkono" shirika. Barua hiyo haimfungi mtu kulipa.

Nakusimulia kazi moja niliyoifanya Kampala, katika kampuni binafsi iliyoteuliwa kukagua kwa niaba ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Shirika lilikuwa na mkopo wa shilingi bilioni 18, na katika mwaka ulioishia 30 Juni lilionyesha faida ya bilioni 1.1. Katibu wa bodi alinipa mihutasari minne, yote imesainiwa na kupangwa vizuri. Kabla ya kuisoma nilifungua leja ya posho za vikao, na humo nikakuta wajumbe wamelipwa kwa vikao vitano. Vocha ya malipo hayo ya ziada ilikuwa ya mwezi Mei, ikiwa na karatasi ya mahudhurio yenye saini za wajumbe saba. Tangu siku hiyo sianzi na mihutasari. Naanza na posho, kwa sababu muhtasari unaweza kufichwa lakini mjumbe hakubali posho yake ipotee.

Katika muhtasari uliofuata, chini ya yatokanayo, palikuwa na mstari mmoja tu: "Bodi iliarifiwa kuhusu hatua iliyofikiwa na benki." Hatua ipi, wakati mihutasari iliyotangulia haikuitaja benki? Nilimwandikia katibu kuomba muhtasari wa Mei, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi, nao ukaja baada ya siku tatu ukiwa rasimu isiyosainiwa. Ndani yake bodi ilikuwa imejulishwa kwamba shirika limevunja sharti la mkopo kuhusu uwiano wa faida na riba, na kwamba benki sasa ina haki ya kudai fedha zote mara moja.

Benki ilisamehe kosa hilo, lakini barua yake ilikuwa ya Agosti. Kwa mujibu wa IAS 1, msamaha unaopatikana baada ya tarehe ya mwisho wa mwaka haubadilishi hali iliyokuwapo tarehe hiyo, kwa hiyo bilioni 18 zote zilipaswa kuhamia kwenye madeni ya muda mfupi.

Rasimu hiyo hiyo ilizungumzia ruzuku. Hazina ilikuwa imetoa bilioni 6, zote zikaandikwa kuwa mapato ya mwaka. Nilipoisoma barua ya kutolewa kwa fedha niliona kuwa bilioni 4.5 zilikuwa za kununua mitambo, na hadi 30 Juni hakuna hata mtambo mmoja uliokuwa umefika. Chini ya IAS 20 sehemu hiyo haiwezi kuwa mapato siku inapoingia benki. Huahirishwa, kisha hutambuliwa kidogo kidogo kadiri mitambo inavyochakaa. Faida ya bilioni 1.1 ikageuka hasara ya bilioni 3.4.

Hapo ndipo menejimenti ilipoleta "dhamana", ambayo ilikuwa barua ya faraja yenye aya mbili. Wizara ilinijibu kwamba haina mkataba wa dhamana kwa mkopo huo. Ruzuku za miaka ijayo nazo hatukuweza kuzihesabu kama ahadi, maana Bunge huidhinisha matumizi mwaka kwa mwaka.

Hata dhamana ya kweli isikutulize mapema. Humlinda mkopeshaji, haiwalipi wagavi wala mishahara, na serikali ikishalipa, kwa kawaida hulidai shirika fedha hizo. Pima mtiririko wa fedha wa miezi isiyopungua 12, kama ISA 570 inavyotaka.

Menejimenti ilibishana nasi wiki mbili, mwishowe ikarekebisha hesabu zote mbili na kueleza hali ya mkopo katika maelezo ya hesabu. Kwa kuwa maelezo yalitosheleza, hatukuiwekea mashaka hati yetu. Tuliongeza aya inayotaja wasiwasi mkubwa juu ya uwezo wa shirika kuendelea, na hoja ya muhtasari uliofichwa tukaiweka peke yake katika barua kwa menejimenti, pamoja na nambari ya ile vocha ya Mei.